Sehemu ya Kimya Iliyokuwa Yake

Mimi si mtu wa kutulia. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimeshavaa viatu. Kazi niliyoipata, sijui kwa mzaha wa nani, ni kazi ya kukaa: kuhariri video za kituo kidogo cha kanisa hapa Butembo, katika chumba cha nyuma ya ofisi ya akina mama. Chumba kina meza, kompyuta, betri ya kutunza umeme, na dirisha linalotazama ukuta. Nikihariri husimama, huketi, huzunguka kiti, hutoka nje kuangalia kama mvua imekwisha hata kama haijaanza. Wenzangu wamezoea. Wageni hudhani nimeumwa na siafu.

Kipindi chetu kikubwa ni cha mazungumzo: mama mtangazaji, ambaye ni mke wa mchungaji, na mgeni mmoja. Zamani wageni walikuja kuketi naye kwenye sofa ya ofisi. Siku hizi barabara ya Beni leo inapitika, kesho haipitiki, basi tumejifunza kuongea na watu kwa simu ya video na kurekodi. Wanaotazama hudhani ni jambo rahisi, nyuso mbili zimekaa bega kwa bega kwenye skrini. Waje wakae kwenye kiti changu.

Mjane wa Beni alikuja kwenye kipindi hicho kwa sababu ya harusi ya binti yake. Mumewe alikuwa mtu wa hapa Butembo, na aliacha shamba la kakao kule Mutwanga. Alipofariki, ndugu zake walianza kwa kuvuna, wakamaliza kwa kulichukua shamba lenyewe. Mjane akabaki Beni na watoto, akiuza unga wa muhogo sokoni. Miaka ikapita, wazee wa kanisa wakawakalisha wote chini, shamba likarudi. Lakini jina la wale ndugu lilikuwa limekwisha kuchafuka, hata kwenye mabenchi ya kanisa watu waliwapisha kwa namna ambayo si ya heshima. Sasa binti wa kwanza ameposwa. Na kwetu mama peke yake hatoi binti: mbuzi wa mahari hupokelewa na baba zake, yaani hao hao ndugu za marehemu. Wakatuma neno kwamba watakuja Beni kupokea mbuzi, ila kwanza mama aseme mbele ya watu kwamba amewasamehe. Mama mtangazaji akasema, aseme kwenye kipindi.

Kwa hiyo kipindi kizima, na sala yake ya kufungua na wimbo wake wa kufunga, kilisimama juu ya jibu moja.

Mara ya kwanza tulirekodi na kila kitu kikaharibika. Programu ilikuwa imewekwa katika ule mtindo wa kumkuza anayeongea na kumficha anayesikiliza. Kwa watu wengine labda ni sawa. Kwetu, mtu akiongea humwachi atembee peke yake njiani. Unamsindikiza: ee, ndiyo, mm, kweli, ee. Asiyeitikiwa hujua amechukiwa. Na mama mtangazaji ni bingwa wa kuitikia, amelelewa vizuri. Kila aliposema "ee", programu ilidhani sasa ni zamu yake, ikamrukia yeye kwa picha, na sauti ya mjane ikamezwa katikati ya neno. Nilipotazama nilichopata, mjane anaanza, "Bwana yangu alipo..." halafu uso wa mama mtangazaji umejaa skrini, "ee", halafu mjane, "...pitali", halafu uso tena, "mm". Nikapata kizunguzungu. Na hakuna dawa: picha ilikuwa moja na sauti zote mbili zilikuwa zimechanganywa pamoja. Chumvi ikishaingia kwenye mchuzi huitoi kwa kijiko.

Bahati yetu ni kwamba mtandao ulikatika kabla ya kufika kwenye swali lenyewe. Jibu lilikuwa bado halijatolewa.

Mara ya pili nilikuja na sheria. Programu ikae katika mtindo wa kuonyesha watu wote wawili, visanduku sawa. Kila mmoja arekodiwe kwa njia yake ya sauti, ili niweze kugusa mmoja bila kumgusa mwenzake. Simu ya mjane ilazwe kwa upana, iegemee kopo la maziwa, ifike usawa wa macho, na yeye aelekee dirishani apate mwanga. Simu ya pili, ya binti yake, ilale mezani karibu naye juu ya kitambaa kilichokunjwa, irekodi sauti tu, maana sauti inayopita kwenye mtandao hufika imekondeana. Kabla ya kuanza, mjane apige kofi moja, niweze baadaye kulinganisha simu hizo mbili kwa sauti ya kofi. Atazame kamera, siyo picha yake mwenyewe. Avae ekuteri za masikioni. Na mama mtangazaji asiitikie. Atikise kichwa tu.

Mama mtangazaji alinitazama kama mtu aliyeambiwa aingie kanisani bila kitambaa kichwani. Lakini alikubali.

Mjane alikubali yote isipokuwa ekuteri. Alisema masikio yakizibwa anajisikia kama anaongea na mapepo. Nilimweleza kwamba bila ekuteri, swali litatoka kwenye spika ya simu moja na kuingia kwenye simu nyingine, sauti yangu itachafuka. Akacheka.

"Basi ichafuke kidogo, mutoto wangu. Siko redio."

Tukaanza. Nikagundua mapema nilivyokuwa nimemfunga mama wa watu. Nilimwambia atazame kamera, kwa hiyo hakuweza kuona mwenzake akitikisa kichwa. Nikamnyima "ee", kwa hiyo hakusikia kitu. Kila baada ya sentensi chache alisimama akauliza, "Munanisikia?" Mama mtangazaji anajibu ndiyo, anaendelea, anasimama tena. "Munanisikia?" Mimi nyuma ya kamera nilikuwa nimeuma ngumi, nikichezesha mguu hadi meza ikatikisika na kurekodiwa.

Likaja swali. Mama mtangazaji alilainisha sauti.

"Mama, ile bandugu ya bwana yako, umebasamehe?"

Picha ya mjane ikakwama. Midomo imefungwa, macho yameshuka kidogo. Kimya. Mama mtangazaji akatikisa kichwa, akatabasamu, akaendelea kutabasamu mpaka tabasamu likachoka. Nikaapiza mtandao kwa Kiswahili, kwa Kinande na kwa Kifaransa, ndani kwa ndani. Halafu sauti ikaja: "Nimebasamehe." Picha ikaamka baada yake. Mama mtangazaji akamshukuru Mungu, tukafunga kwa sala.

Siku zilizofuata nilihariri. Binti alikwenda mahali penye mtandao wa nguvu akanitumia ile sauti ya simu ya pili. Nilitafuta kofi la mama yake katika sauti ya mezani na katika ile iliyopita mtandaoni, nikayaweka makofi mawili pamoja mpaka yakawa kofi moja. Nikawapanga kwenye skrini: mama mtangazaji kushoto, mjane kulia, na hapo wasihame mpaka mwisho, maana mtazamaji akishajua nani yuko wapi, ukiwahamisha unamchosha bure. Mjane alikuwa mbali na kamera, kichwa kidogo kama cha picha ya kitambulisho, nikakuza kisanduku chake mpaka vichwa vikalingana na macho yakawa kwenye mstari mmoja. Chini yao ukanda wa maandishi, usiogusa kidevu cha mtu. Mmoja akiongea, nilishusha njia ya sauti ya mwenzake, lakini sikuizima kabisa. Ukiizima, hewa ya chumba nayo inakufa, na sikio linashtuka kila mara.

Zile "Munanisikia" nilizikata zote. Ukikata lazima ukate visanduku vyote viwili kwa pamoja, la sivyo mama mtangazaji atajibu ndiyo kwa swali ambalo halijaulizwa. Na kwa kuwa kila mkato huzirusha nyuso, nilifunika miruko kwa picha za kakao ikianikwa, za Mutwanga, ambazo mjane mwenyewe alikuwa nazo kwenye simu. Baada ya kila swali kulikuwa na kuchelewa kidogo, kama pumzi moja, kule kuchelewa kwa mtandao, nikavuta jibu likaribie swali. Mazungumzo yakaanza kutiririka. Nilikuwa nafurahi, na mimi nikifurahi ndiyo natembea zaidi.

Nikafika kwenye swali la msamaha. Nikafanya vile vile. Picha imekwama, ni mtandao, nikakata. "Umebasamehe?" "Nimebasamehe." Safi kama maji ya chemchemi. Nikamwita mama mtangazaji atazame. Alitazama mara mbili, akaweka mkono kifuani, akatoka nje palepale kumpigia simu kaka mkubwa wa marehemu. Nilimsikia kwenye veranda akisema kwamba mama ameitika vizuri sana, watu wataona Jumapili. Kwa hiyo neno lilikuwa limekwisha kuwafikia wenyewe.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya kushona. Mahali nilipokata palisikika kama kibatari kimepulizwa, nikahitaji kipande cha hewa ya chumba cha mjane, bila sauti ya mtu, nikitandike pale. Ukitaka hewa ya chumba, unaitafuta mahali watu waliponyamaza. Na katika mazungumzo yale yote watu walinyamaza kwa muda mahali pamoja tu. Nikafungua sauti ya simu iliyokuwa mezani, peke yake, nikavaa ekuteri, nikaisogeza mpaka hapo.

Nilisikia swali likitoka kwenye spika ya simu yake, jembamba lakini zima, hakuna neno lililopotea. "Umebasamehe?" Lilikuwa limemfikia. Baada ya hapo ilipaswa kuja jibu.

Halikuja. Nilisikia maji ya mvua yakidondoka kutoka kwenye bati. Nilisikia kiti. Mtu akavuta pumzi akaishika. Halafu karibu sana na simu, sauti ya msichana, ya chini kabisa, ile sauti ya kunong'ona: "Mama, jibu. Juu yangu." Kwa ajili yake, yaani. Tena maji ya bati, tena kiti. Ndipo akasema, "Nimebasamehe."

Nilivua ekuteri. Nikatoka mpaka lango la kanisa, nikarudi, nikatoka tena. Mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu, nikamjibu vibaya. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kwa ajili ya binti, na niliona hasira ya ajabu juu ya mikono yangu, maana ilikuwa imemfanya mwanamke asamehe upesi kuliko alivyosamehe. Kama alikuwa amesamehe. Mtandao ulichukua pumzi yake moja tu, kama ulivyochukua kwenye maswali yote. Kimya kingine chote kilikuwa cha mama.

Nilimsikilizisha mama mtangazaji. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na aliposikia sauti ya binti alifumba macho. Siwezi kumsema vibaya mama yule. Alikuwa amewapatanisha watu wengi kuliko watu wanaojua, na alijua jinsi mapatano yanavyovunjika. Alisema tuache nilivyokata. Alisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mshindo huo utaanguka juu ya harusi ya mtoto. Jibu ametoa mwenyewe kwa kinywa chake, hatujamwekea neno. Nikasema hatujamwekea neno, lakini tumemwondolea. Akaniuliza ni nani aliyenituma kupima kimya cha mtu. Hapo alikuwa amekasirika.

"Wewe ni fundi ya picha," akasema. "Hapana fundi ya roho ya batu."

Nilitaka kumjibu kwamba ndiyo sababu sitaki kuishona. Sikumjibu, kwa sababu ni mama. Nilimwomba kitu kimoja tu: tumwulize mwenyewe. Akasema, mpigie wewe.

Nikapiga simu ya kawaida, bila video. Mjane alikuwa sokoni, nilisikia watu wakibishana bei ya unga. Nikamweleza yote kwa fujo, mtandao, kofi, simu ya mezani, mpaka nikajisikia mjinga. Alinikatiza. Alitaka kujua jambo moja, kile kimya, mimi nimekifanya nini. Nikasema nimekitoa chote.

Hakusema kitu kwa muda, na safari hiyo sikuthubutu kuulaumu mtandao.

"Ile ya rezo, tosha," akasema, yaani ile ya mtandao niitoe. "Ile yangu, acha. Na sauti ya mutoto, tosha. Yeye hapana kuulizwa."

Nikamkumbusha harusi. Nikamwambia baba wakubwa wamekwisha kuambiwa jibu ni zuri. Nikamwuliza kama haogopi.

"Niko naogopa sana," akasema. "Mais kama banakuja, bakuje banajua." Lakini wakija, waje wakijua.

Halafu akamwambia mteja bei, na mimi nikabaki na simu sikioni. Nilipomsimulia mama mtangazaji, hakusema ndiyo na hakusema hapana. Alisema Jumapili ni Jumapili, kipindi kitoke. Akachukua mkoba wake akaondoka bila kuniaga, na kwa mama aliyelelewa vile, kutoniaga kulikuwa neno zima.

Nikaanza upya sehemu ile. Nilipima kuchelewa kwenye maswali mengine, kukawa karibu sawa kote, ile pumzi moja. Hiyo nikaitoa. Kilichobaki nikakirudisha kama kilivyokuwa kwenye meza ya Beni, na maji yake ya bati na kiti chake. Mahali pa sauti ya binti nilitandika kipande cha mvua kutoka kimya hicho hicho, kirefu sawasawa na maneno yake, nikalainisha kingo zake mpaka hata mimi nikawa sijui mshono uko wapi.

Picha ndiyo ilinitesa. Ilikuwa imekwama muda wote ule, na mtu yeyote akiiona angesema kama mimi nilivyosema, mtandao. Nilifikiri kuweka kakao juu yake. Kakao zilikuwa nzuri, lakini zingemficha mama wakati wake mkubwa. Nilifikiri kumkuza ajae skrini, nikajaribu, akawa kama mtu wa mabango ya filamu, nikaona haya. Nikaviacha visanduku viwili kama vilivyokuwa tangu mwanzo, mama mtangazaji kushoto na tabasamu lake linalochoka, mjane kulia na macho yaliyoshuka. Sikuweka muziki. Kwenye ukanda wa chini nikaandika: "Picha imekwama. Sauti inaendelea." Nikaondoka mezani kabla mikono haijabadili mawazo.

Kipindi kikatoka Jumapili baada ya ibada. Watu wakakirusha kutoka simu hadi simu, na jioni kilikuwa kimefika Luofu, maana shangazi yangu wa huko alinipigia kuuliza kwa nini mama yule alinyamaza vile. Wengine waliandika kwamba rezo ya Beni ni mbaya. Wengine wakawajibu wasome maandishi ya chini. Wako waliosema mama amelazimishwa, wako waliosema ana kiburi. Nilisoma yote nimesimama. Kutoka kwa baba wakubwa halikuja neno.

Alikuja mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, niko peke yangu, mtu mnene wa makamo amesimama mlangoni na koti la suti na viatu vyenye tope, akajitambulisha kwamba yeye ndiye kaka mkubwa wa marehemu. Nilimpa kiti changu, sikuwa na kingine. Aliuliza nani aliandika yale maandishi. Nikasema ni mimi. Aliuliza maana yake, kwamba sauti inaendelea. Nikamweleza kwamba simu ilikuwa inasikia, mama alikuwa anasikia, swali lilikuwa limefika. Akaomba kusikiliza kwa ekuteri.

Nilimwekea kile kilichotoka hewani, siyo kile cha binti. Alisikiliza na mikono juu ya magoti. Akaomba arudie. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza katika chumba kile sikuweza kutembea. Alipomaliza alizikunja waya za ekuteri vizuri, akazilaza mezani, akanishukuru kwa kazi, akatoka. Hakusema kama watakwenda Beni au hawatakwenda, na mimi sikupata ujasiri wa kumwuliza.

Juma lile sikulala vizuri wala kula vizuri. Ndugu za bwana harusi walikuwa wameniita nipige picha siku ya mbuzi, kabla ya mambo haya yote, na barabara ilikuwa imefunguka. Nilipanda gari la asubuhi na kamera yangu magotini, nikiomba kwa Mungu vitu vinavyopingana.

Nyumba ya mjane Beni ilikuwa imejaa. Mbuzi wamefungwa kwenye uzio, wanalia. Upande wa bwana harusi umekaa, upande wa mama umekaa, na katikati kulikuwa na safu ya viti vya plastiki ambavyo hakuna aliyethubutu kuvikalia. Binti alipita pale mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mjane alikuwa amevaa kitenge kipya na uso wa mtu anayesubiri majibu ya maabara. Hakuniuliza chochote. Alinishika mkono tu, akauachia.

Walifika wakiwa wamechelewa, wote, kaka mkubwa mbele. Watu wakasimama. Kamera ilikuwa tayari inarekodi. Taratibu zetu zinasema wageni wakaribishwe, wakae, wanywe maji, ndipo maneno. Lakini kaka mkubwa hakukaa. Alisimama mbele ya kile kiti cha kwanza, ndugu zake nyuma yake, akamtazama mama.

"Mama ya batoto," akasema, "kule nilikuuliza kwa kinywa ya mutu mwingine. Haikukuwa muzuri. Leo niko nakuuliza mimi. Ulitusamehe?"

Binti alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji. Nilimwona akifungua kinywa, nikamwona akikifunga.

Mama alinyamaza. Hapakuwa na mtandao wa kulaumu, wala picha haikukwama. Niliona kaka mkubwa akingoja, jasho likimshuka kando ya sikio, hajiondoi. Ndani ya mwili wangu wote kila kitu kilitaka kukimbia, na nilishika kamera kwa mikono miwili isitikisike.

"Bado, shemeji," mama akasema. "Mais ikala."

Kaka mkubwa akaketi kama alivyoambiwa. Na nyuma yake ndugu zake, mmoja mmoja, wakaketi.